Barua ya kazi: Mistari ya kwanza isiyojisifu wala kulia njaa

Fungua barua kumi za maombi ya kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili hapa Tanzania, na kuna uwezekano mkubwa utakutana na mwanzo huu au ndugu yake wa karibu:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26, ninaomba nafasi ya kazi katika kampuni yako tukufu."

Hakuna kosa la sarufi hapo, wala utovu wa adabu. Shida ni kwamba msomaji anafika kwenye nukta akiwa hajajua chochote ambacho hakukijua kabla ya kufungua barua. Kwamba unaomba kazi, anajua, ndiyo maana umemwandikia. Kwamba wewe ni Mtanzania, naye ni Mtanzania, na waombaji wengine wote pia. Umri upo kwenye wasifu. Na kampuni yake akiambiwa ni tukufu, anajua sifa hiyo imetumwa na kwingine asubuhi hiyohiyo.

Mwanzo huu wengi waliujifunza shuleni, kwenye somo la barua rasmi: anwani mbili, tarehe, salamu, YAH, utangulizi, kiini, tamati. Kwa mtihani ulifaa, kwa sababu mwalimu alikuwa anatafuta sehemu za barua aziwekee vema. Meneja anayeajiri hatafuti sehemu za barua. Anatafuta mtu wa kumwita kwenye usaili, na ana rundo mbele yake.

Wanaoushtukia mwanzo huo mara nyingi hukimbilia pande mbili. Wengine wanajipigia debe: "Mimi ndiye mtu sahihi mnayemtafuta." Wengine wanalia njaa: "Nipo tayari kufanya kazi yoyote kwa mshahara wowote." Katikati ya hizo mbili kuna njia, na inahitaji sentensi mbili au tatu tu.

Kwanza, mistari hiyo inasomwa wapi

Maombi mengi kwa kampuni binafsi siku hizi yanakwenda kwa barua pepe, na mengine kwa WhatsApp. Meneja anayapitia kwenye simu, pengine akiwa kwenye foleni ya magari. Kwenye Gmail ya simu, kabla hajafungua chochote, anaona jina la mtumaji, kichwa cha ujumbe, na kipande kidogo cha maneno ya mwanzo. WhatsApp ni hivyohivyo, maneno machache kisha nukta za kukata.

Sasa fikiria kipande hicho kimejazwa na "Husika na kichwa cha habari hapo juu..." Nafasi yako ya kwanza kuonekana imeliwa na maneno ambayo mtu wa juu yako na wa chini yako kwenye orodha nao wametumia.

Kwa hiyo gawa kazi. Jina la nafasi liweke kwenye kichwa cha ujumbe, na kwenye barua yenyewe liweke kwenye mstari wa YAH. Tangazo likiwa na namba ya kumbukumbu, iandike hapohapo. Mfano: "Maombi ya kazi: Mtunza Stoo, Dar es Salaam". Ukishafanya hivyo, sentensi ya kwanza haina tena mzigo wa kutangaza unaomba nini. Iko huru kusema kwa nini wewe.

Salamu usiiruke. "Ndugu Meneja Rasilimali Watu," inatosha, na kama tangazo lilitaja jina la mtu wa kumwandikia, tumia jina lake. Kuanza barua bila salamu kwetu kunasomeka kama kiburi, hata kama kilichofuata ni kizuri.

Sauti ya kujiamini inakaa kwenye kitenzi

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengine yanakuja yenyewe: anayejisifu anatumia vivumishi, anayejiamini anatumia vitenzi vya kazi aliyokwisha kufanya.

"Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mbunifu na ninayejituma." Hayo ni maneno manne, na hakuna hata moja linaloweza kuthibitishwa kwa kupiga simu. Mvivu naye angeyaandika. Kwa kweli mvivu ndiye angeyaandika kwa haraka zaidi.

"Nilifunga hesabu za duka kila siku saa 12 jioni kwa miaka miwili." Hapa hakuna sifa hata moja iliyotajwa. Lakini msomaji anamwona mtu anayekuja kazini kila siku, anayeaminiwa na pesa, na asiyeondoka kabla kazi haijaisha. Sifa kajitungia mwenyewe kichwani, na mtu huwa haibishii hitimisho aliyoifikia mwenyewe.

Kiswahili kinakupa vifaa vya kupima hili ndani ya neno lenyewe. Angalia "ninaweza kuhesabu stoo" na "nilihesabu stoo". Ya kwanza ni ahadi, ya pili ni tukio. Ahadi zinaombewa uvumilivu, tukio linaulizwa tu lilikuwaje. Ukikuta mwanzo wako umejaa "ninaweza", "nina uwezo wa" na "ninaamini kwamba ninaweza", tafuta lile ulilolifanya kweli, uliweke badala yake.

Halafu kuna "ndi". "Mimi ndiye", "hii ndiyo nafasi yangu", "ujuzi wangu ndio mnaouhitaji". Kwa Kiswahili, "ndiye" inachagua mmoja na kuwafungia wengine mlango. Ukiandika "mimi ndiye mnayenitafuta", umesema na wale wengine wote siye wao, ilhali hujawaona. Uamuzi huo ni wa meneja, na anajua kwamba ni wake. Mara nyingi hilo neno moja ndilo linalofanya barua isikike kama ya mtu anayejimwambafai, hata kama mengine yote ni ya kweli.

Upande wa pili kuna "ningependa". Watu wanaitumia kwa heshima: "Ningependa kuomba nafasi ya..." Inakubalika, ila imelegea. "Ninaomba nafasi ya..." ina heshima ileile na imesimama wima. Hapa kuna mkanganyiko unaotokana na kusoma ushauri wa barua wa kigeni: baadhi ya vijana wanadhani "ninaomba" ni unyonge na wanaikwepa. Sivyo. Kwa Kiswahili kuomba ndiyo adabu ya kawaida, unaomba maji, unaomba samahani, unaomba njia kwenye daladala. Ukiandika "ninataka kazi hii" huonekani jasiri, unaonekana hukulelewa.

Ushauri huohuo wa kigeni ndio umeleta "Nina furaha kubwa sana kuandika barua hii". Kwa Kiswahili mtu akisema ana furaha kubwa kuandika barua, msomaji anangojea kusikia habari za harusi.

Maneno yanayolia njaa

Kuhitaji kazi si aibu, na meneja anajua kwamba waombaji wake wanaihitaji. Tatizo la kulia njaa kwenye mstari wa kwanza ni la kiutendaji zaidi: linamhamisha msomaji kutoka kwenye kazi yake na kumpeleka kwenye shida zako, na huko hana uamuzi wa kufanya. Hawezi kumpa kazi aliyesota zaidi ya wote. Hana namna ya kupima.

"Kazi yoyote" ndiyo inayoumiza kuliko zote. Mwandishi anamaanisha "sichagui kazi, nitajituma". Msomaji anasikia "sijasoma tangazo lako". Kama natafuta dereva na wewe upo tayari kwa lolote, basi mimi sina dereva bado.

"Mshahara wowote" inafuata. Inafanya mtu ajiulize kuna nini nyuma yake. Na kama ukiitwa, umeshauza turufu yako kabla mchezo haujaanza, kwa sababu kwenye mazungumzo ya malipo barua yako itakuwa mezani.

Kuna nyingine zinajificha kwenye heshima. "Samahani kwa usumbufu." Aliyeweka tangazo hasumbuliwi na maombi, aliyaita mwenyewe. "Ingawa sina uzoefu mkubwa..." inaanza na kasoro ambayo labda asingeiona. "Natumaini hutaniangusha" inamtwisha lawama mtu ambaye hamjawahi kuonana. "Nimemaliza chuo mwaka 2021 na mpaka leo nipo mtaani" ni kweli tupu, lakini si ya kufungulia barua. Pengo la miaka lina mahali pake, nayo ni aya ya pili au ya tatu, ukieleza ulikuwa unafanya nini muda huo. Kuuza nguo mtandaoni, kusimamia shamba la mzazi, kufundisha tuisheni, vyote hivyo ni kazi.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuchukue mwombaji wa kufikirika. Ni dada wa miaka 26, ana diploma ya ununuzi na ugavi. Kwa mwaka mmoja na miezi minne ametunza stoo ya duka la jumla la vyakula Kariakoo. Ameona tangazo la msambazaji wa dawa jijini Dar es Salaam anayetafuta mtunza stoo. Tangazo linataka diploma, uzoefu wa mwaka mmoja, mtu anayejua kutumia kompyuta, na "awe na uwezo wa kupanga na kutoa dawa kwa kufuata tarehe za kuisha muda".

Rasimu yake ya kwanza ni ileile ya "Husika na kichwa cha habari". Akaambiwa haina nguvu, akaandika ya pili:

"Mimi ni mtaalamu mwenye uzoefu mkubwa na rekodi ya kipekee katika usimamizi wa stoo, na nina uhakika kwamba nitaleta mapinduzi katika kampuni yenu."

Mbwembwe tupu. "Mtaalamu" wa mwaka mmoja na miezi minne? "Kipekee" kulingana na nani? Na meneja wa stoo ya dawa hataki mapinduzi, anataka boksi liwe pale kadi inaposema lipo.

Ili kupata ya tatu, ilibidi aache kalamu na ajiulize maswali ya kawaida kabisa kuhusu kazi yake ya Kariakoo. Stoo ilikuwa na aina ngapi za bidhaa? 420. Alikuwa anazihesabu vipi? Mwanzoni walikuwa wanahesabu zote mara moja kwa mwaka, siku mbili duka limefungwa, na hesabu haikuwahi kulingana na daftari. Yeye akaanza kuhesabu aina 20 kila siku jioni. Aina 420 kwa 20 kwa siku ni siku 21 za kazi, yaani stoo nzima inapitiwa upya takriban kila baada ya wiki tatu na nusu kwa wiki ya siku sita.

Ikawaje? Alipokuwa akihesabu alianza kuona makatoni ya juisi na biskuti yaliyokaribia kuisha muda yakiwa yamefukiwa nyuma ya mzigo mpya. Akayapanga upya, kinachowahi kuisha muda kikae mbele na kitoke kwanza. Miezi mitano ya mwisho hawakutupa katoni hata moja kwa kuisha muda.

Hapa kuna kishawishi. Anaweza kuandika "nilipunguza upotevu kwa asilimia 80". Inapendeza, na hana pa kuitoa. Hakuna aliyeandika upotevu wa mwanzo ulikuwa kiasi gani. Akiulizwa kwenye usaili "asilimia 80 ya nini?", ataanza kutokwa jasho. Anachokijua kwa uhakika ni aina 420, aina 20 kwa siku, na miezi mitano bila kutupa. Hizo zinatosha, na bosi wake wa zamani akipigiwa simu atazisema hivyohivyo.

Rasimu ya tatu:

"Kwa mwaka mmoja na miezi minne nimetunza stoo ya duka la jumla la vyakula Kariakoo yenye aina 420 za bidhaa. Nilianzisha utaratibu wa kuhesabu aina 20 kila siku na kuweka mbele kinachowahi kuisha muda, na kwa miezi mitano ya mwisho hatukutupa katoni hata moja. Ninaomba nafasi ya mtunza stoo kwenu, ambako tarehe ya kuisha muda ina uzito zaidi kwa sababu ni dawa."

Isome polepole. Hakuna kivumishi kimoja cha kumsifu mwandishi. Hakuna kilio. Kila kipande kinaweza kuulizwa na kikajibiwa.

Angalia ilivyobadilika kutoka "nilianzisha" kwenda "hatukutupa". Utaratibu ulikuwa wake, kwa hiyo anasema "ni". Matokeo yalikuwa ya duka zima, kwa sababu vijana wa kubeba walikubali kupanga upya na muuzaji wa mbele alikubali kutoa mzigo wa zamani kwanza, kwa hiyo anasema "tu". Herufi mbili hizo zinafanya kazi kubwa. Anayesema "ni" kila mahali anaonekana hakuwa na wenzake. Anayesema "tu" kila mahali anamwacha msomaji akijiuliza yeye hasa alifanya nini.

Angalia pia sentensi ya mwisho. Haikuisifia kampuni. Imesema jambo moja kuhusu kazi yao, kwamba dawa iliyoisha muda si sawa na biskuti iliyoisha muda. Hiyo inaonyesha amesoma tangazo na amelifikiria, na pia inakiri bila kujidhalilisha kwamba anatoka kwenye vyakula kwenda kwenye dawa. Meneja angeuliza hilo hata hivyo. Amelitangulia.

Kitu kimoja tu cha kupima: je, sentensi hiyo ingeweza kupelekwa kwa kampuni ya saruji bila kubadilisha neno? Hapana. "Kampuni yako tukufu" ingeweza.

Kama hujawahi kuajiriwa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana wanasema hawana cha kuandika. Wanacho, ila wanakitafuta kwenye mikataba ya ajira tu.

Mafunzo kwa vitendo ni kazi. Usiandike "nilibahatika kufanya mafunzo kwa vitendo", kwa sababu bahati haisemi ulifanya nini. Andika ulichokishika: "Katika wiki nane za mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya uhasibu niliingiza stakabadhi za wateja kwenye mfumo kila siku, na mwisho wa mwezi nililinganisha vitabu vyao na taarifa za benki." Huyo ni mhitimu mpya, na tayari mtu anajua atampa kazi gani Jumatatu.

Uweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, uongozi wa darasa, kusimamia duka la familia wakati wa likizo, vyote vinaingia ilimradi viwe na uhusiano na nafasi. Kama unaomba kuwa karani wa fedha, miaka miwili ya kutunza daftari la kikundi chenye wanachama 30 ina maana zaidi kuliko wastani wa alama zako. Kama unaomba udereva, haina.

Tahadhari ya ukubwa wa maneno tu. Aliyekuwa mhazina wa kikundi asijiite "mkurugenzi wa fedha". Ukubwa wa cheo cha kujitungia ndio unaoharibu ukweli uliopo chini yake.

Ukiwa umeelekezwa na mtu

"Nimeelekezwa kwenu na..." ni mwanzo wenye nguvu, kwa sharti kwamba mtu huyo amekubali jina lake litumike na anafahamu kazi yako. Mwambie kabla hujatuma, si baada. Na usisimamie hapo. Baada ya jina lake, sentensi inayofuata lazima iwe ya kwako na iwe na kazi ndani yake. Jina la mjomba bila kazi linasomeka kama shinikizo, na meneja wa chini anaweza kukuita kwa hofu tu kisha akakuchukia kabla hujakaa.

Serikalini ni tofauti kidogo

Nafasi za utumishi wa umma zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira zinaombwa kupitia mfumo wa Ajira Portal, na barua yenye saini inaambatishwa ikiwa imeelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti hiyo, Dodoma. Huko mchujo wa mwanzo unaangalia sifa na vyeti, kisha kuna usaili wa mchujo kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Kwa maneno mengine, mstari wako wa kwanza hauna nguvu ya kukuvusha kama ulivyo kwa kampuni binafsi.

Kwa hiyo usitafute kung'ara. Taja nafasi kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, taja sifa inayokufanya ustahili, basi: "Ninaomba nafasi ya Afisa Ugavi Daraja la II. Nina shahada ya kwanza ya ununuzi na ugavi na nimesajiliwa na bodi ya taaluma." Inakaa kavu, na ukavu huo ndio unaotakiwa pale. Anayehakiki anataka kuona jina la nafasi na sifa vinalingana na tangazo. Kama hujasajiliwa, usiandike kwamba umesajiliwa, litajulikana siku ya kuhakiki vyeti.

Barua ikitakiwa kwa Kiingereza, kanuni ya kitenzi na namba haibadiliki. Ila andika mwanzo huo moja kwa moja kwa lugha hiyo, usiutafsiri kutoka kwenye rasimu ya Kiswahili, maana heshima ya lugha moja ikihamishwa neno kwa neno inageuka unyenyekevu wa kupitiliza kwenye nyingine.

Kabla hujabonyeza kutuma

Soma mistari yako kwa sauti mbele ya mtu aliyefanya kazi na wewe. Si mbele ya mama, yeye atakubali chochote. Mwenzako wa kazini akicheka mahali, hapo umezidisha. Akisema "mbona hujasema ile ya...", hapo umejibana.

Kisha pitia kila namba na ujiulize nani anaweza kuithibitisha. Namba inayotoka kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja ambaye ni wewe, iache. Namba ambayo ni siri ya mwajiri wako wa zamani, kama mauzo ya mwezi au bei za kununulia mzigo, iache pia, hata kama ni ya kweli. Meneja makini akiona unamwaga hesabu za watu, anafikiria za kwake.

Halafu angalia jina la kampuni. Kosa la kutuma barua yenye jina la kampuni nyingine linatokea kila siku kwa wanaonakili barua moja na kubadilisha juu tu, na hakuna mwanzo mzuri unaoweza kulifunika. Jina likitajwa zaidi ya mara moja, tafuta yote kwa kitufe cha kutafuta.

Mwisho, kama maombi yanakwenda kwa WhatsApp, usitume faili la PDF peke yake likiwa kimya, wala usianze na "Habari" ukangoja ujibiwe ndipo uendelee. Weka salamu, nafasi, na ile sentensi yako ya kwanza kwenye ujumbe mmoja juu ya faili. Dada wa stoo angeandika hivi:

"Habari za kazi. Ninaomba nafasi ya mtunza stoo. Nimetunza stoo ya aina 420 za bidhaa Kariakoo kwa mwaka mmoja na miezi minne, na miezi mitano ya mwisho hatukutupa katoni hata moja kwa kuisha muda. Barua na wasifu vipo kwenye faili hili. Asante."